Panauma mlangoni au ndani?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 27, nimeolewa miaka mitatu na mtoto sijapata. Tendo la ndoa limekuwa adhabu. Maumivu yako ndani kabisa, kama kitu kinagongwa, na hubaki tumboni hadi kesho yake. Nimetibiwa yutiai mara nne, na altrasaundi ikasema kila kitu safi. Hedhi inaniuma tangu nikiwa shuleni, na siku hizo hata kwenda haja kubwa ni kilio. Mume wangu ameanza kudhani simtaki. Je, ni maambukizi yasiyosikia dawa? Mwanao, Morogoro.*

Marahaba, mwanangu. Mumeo nitamrudia. Kwanza nikuulize swali ambalo pengine hukuulizwa mara zote nne: anapoanza tu kuingia, panauma?

Maumivu ya mlangoni huchoma au kuwaka, na mwenyewe huweza kuweka kidole na kusema "ni hapa". Hayo huwa ni fangasi, malengelenge, kovu la kushonwa baada ya kujifungua, ukavu wa anayenyonyesha, au misuli ya uke inayojikaza yenyewe. Kama mlangoni hapana shida, hayo yaweke kando, tuingie ndani.

Huko ndani, nyuma ya mlango wa kizazi, kuna kibonde kati ya kizazi na utumbo mkubwa. Uume ukizama hugusa upande huo, na choo kikipita husukuma papo hapo. Ndiyo maana nilipofika kwenye neno lako la haja kubwa nilisimama. Ugonjwa uitwao endometriosisi hupenda kujificha hapo: tishu zinazofanana na utando wa ndani ya kizazi huota nje yake, kila mwezi huvimba pamoja na hedhi, na mwishowe viungo hushikana. Historia inayoanza shuleni na kufuata tarehe za mwezi inaelekea huko zaidi kuliko kwenye maambukizi. Mtoto kuchelewa nako kunaweza kuwa na uhusiano.

Maambukizi ya mirija kwa kawaida yana mwanzo unaokumbukwa: wiki kadhaa zilizopita, uchafu uliobadilika rangi au harufu, damu baada ya tendo, pengine homa. Lakini klamidia inaweza kukaa kimya kabisa, na dawa za siku chache za yutiai huenda hazikuigusa. Kwa hiyo usiruke hatua hii. Daktari aingize vidole viwili na kuutikisa mlango wa kizazi taratibu, kisha achukue kipimo cha ute wa hapo. Ukiruka kwa maumivu anapoutikisa, anaweza kuanza dawa bila kusubiri majibu, kwa sababu mirija ikichelewa huziba. Mara nyingi ni sindano ya seftriaksoni pamoja na vidonge vya doksisaiklini na metronidazoli vya siku 14, baada ya kuhakikisha huna mimba. Mumeo naye atibiwe, na msikutane hadi wote mmalize. Nafuu huonekana ndani ya siku tatu. Isipoonekana, rudi, usinunue duru ya tano dukani.

Altrasaundi safi isikufunge mdomo. Huona uvimbe wenye damu kwenye ovari, lakini vidoa vidogo vya endometriosisi huipita. Kuna upasuaji wa matundu madogo wa kuchungulia tumboni, ila daktari bingwa wa wanawake anaweza kuanza matibabu hata kabla yake. Hapo uwe mwangalifu: dawa nyingi za ugonjwa huu ni homoni zilezile za uzazi wa mpango. Mwambie mwanzo kabisa kwamba unatafuta mtoto, la sivyo utapewa kitu cha kuzuia kile unachokililia.

Kipimo cha maambukizi usikicheleweshe, ila kabla ya kumwona bingwa, andika kwa miezi miwili: siku za hedhi, siku mliyokutana, palipouma, na choo kilikuwaje. Karatasi hiyo itasema mengi kuliko maneno ya dakika tano kliniki. Lakini hedhi ikichelewa na upande mmoja wa tumbo ukauma sana, au ukapata kizunguzungu, nenda hospitali usiku huohuo. Mimba iliyotunga nje ya kizazi haisubiri.

Sasa mumeo. Msomee aya ile ya kibonde. Mwambie mjaribu wewe ukiwa juu, au mkilala ubavu, ili kina ukiamue wewe, na mkwepe siku za karibu na hedhi. Mkiendelea kwa kuvumilia, mwili utajifunza kujikaza kabla hajakugusa, na hapo utakuwa umejiongezea maumivu ya mlangoni juu ya yale ya ndani. Nimewaona wengi waliofika kliniki na yote mawili, na wakatibiwa moja tu.