Tiketi ihame jina, bei isihame

"Tunaandaa usiku wa taarab Ngome Kongwe, tiketi 300. Asiyeweza kuja ampe mwenzake vipi bila walanguzi kujipenyeza na orodha ya mlangoni kuvurugika?"

Ndugu yangu, tiketi ikihama, msimbo wa QR wa zamani ufe papo hapo, mpya utoke kwa jina la anayepokea. Msikubali watu kutumiana picha tu. Kuna shughuli nilisimamia mlango, wakaja kina dada watatu na picha ya tiketi moja, kila mmoja kalipa 40,000 kwa tiketi ya 15,000. Wa kwanza akapita. Wa pili simu ikaandika "imeshatumika", akalia pale pale, na kwenye orodha lilikuwemo jina la mlanguzi peke yake. Bado naumia nikikumbuka.

Kumpa ndugu iwe bure, lakini mara moja tu kwa kila tiketi. Anayetaka pesa zake airudishe kwenu. Nyinyi mumpe aliye kwenye foleni ya kusubiri kwa bei ile ile, akishalipa ndipo wa kwanza arejeshewe. Wapo watakaomalizana pembeni kwa bei ya juu, hilo hamlizuii lote, ndiyo maana namba moja ya simu isinunue zaidi ya tiketi nne.

Onyesho likiwa saa 2 usiku, fungeni uhamisho saa 10 alasiri, kisha pakueni orodha. Mtandao ukikatika na milango ni miwili, msimbo mmoja utapita mara mbili, kwa hiyo tumieni mlango mmoja.