Nauli ulituma, sauti hukutuma

Shangazi, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 34, naishi Kiembeni. Miezi mitano sasa nachati na dada mmoja wa Likoni tuliyejuana kwenye grupu la kamati ya harusi. Tunaandikiana kila siku mpaka usiku wa manane. Aliwahi kuomba tupigiane simu, nikamwambia mimi si mtu wa simu, napenda kuandika. Katikati ya Aprili nyumba yangu ilikuwa tupu, nikamwalika aje Jumamosi jioni tuonane mara ya kwanza. Alikubali, nikamtumia nauli shilingi 1,500. Hakuja na simu akazima. Kesho yake akasema mamake alishikwa na presha. Tena jina lililotokea nilipotuma pesa ni la mwanamume. Wenzangu kazini wanasema nimeliwa nauli. Je, huyu ni tapeli? Na ni wakati gani hasa mtu aache kuchati, apige simu au waonane?
Msomaji, Kiembeni

Marahaba, mwanangu. Shilingi 1,500 ni pesa, na kumngoja mtu asiyekuja kunauma. Pole. Huruma yangu inaishia hapo, sasa tuongee.

Kuna jambo umelipitisha upesi ukidhani sitaliona. Nyumba yako katikati ya Aprili ilikuwa tupu. Siku nyingine huwa na nani? Mtu anayeishi peke yake hahesabu siku ambazo nyumba ni tupu, maana kwake ni tupu kila siku. Na katikati ya Aprili shule zimefungwa, akina mama wengi wamepeleka watoto kwa nyanya zao. Ongeza hapo kwamba mnaandikiana mpaka usiku wa manane lakini kupiga simu huwezi. Kuandika hakuna kelele. Mtu aweza kuchati amelala ubavuni mwa mwenzake na asisikike.

Sisemi una mke. Huenda unakaa na kakako, au mamako yuko chumba cha pili na unamwonea haya. Lakini ikiwa mimi niliyesoma barua moja nimejiuliza, huyo dada wa miezi mitano alijiuliza zamani. Ndiyo maana aliomba simu, ukamnyima.

Wataka kujua kama ni tapeli. Mimi naona si tapeli, na ushahidi umeuandika mwenyewe. Nauli ulituma wewe, hukuniambia kwamba aliiomba. Tapeli huomba. Na akishaipata ya kwanza haishii hapo: presha ya mama ingefuatwa na dawa za mama, dawa zingefuatwa na kitanda cha hospitali, na kila mara angekuahidi kuja Jumamosi ijayo. Huyu alipokea, hakuja, akatoa udhuru, basi. Udhuru wenyewe huenda ni wa uongo, sikatai. Wasichana wengi hushindwa kusema "naogopa", wakaona afadhali kumsingizia mama presha. Aibu yake katika jambo hili ni kukubali alipotaka kukataa, na pesa asizozitumia angezirudisha siku ileile.

Sasa hebu fuata safari uliyompangia. Atoke Likoni jioni, avuke feri, apande matatu mpaka mjini, apande nyingine ivuke Daraja la Nyali mpaka Kiembeni, halafu bodaboda hadi mlangoni pa mtu ambaye hajawahi kumsikia hata akikohoa. Akifika, giza limeingia. Akitaka kuondoka, nani anamtoa? Wewe. Asipopendezwa nawe, anamwambia nani? Wewe. Mwezi Januari 2024 wanawake waliuawa Nairobi katika nyumba zinazokodishwa kwa usiku mmoja mmoja, na tarehe 27 mwezi huo wanawake waliandamana mijini, hapa Mombasa pia. Kila msichana mwenye simu alizisoma habari hizo. Usimtarajie azisahau kwa sababu wewe unajijua kwamba ni mtu mwema. Alipozima simu alifanya jambo la busara kuliko yote yaliyomo katika barua yako, na kama ana mama wa kweli, mama huyo atakuwa alimwambia vivyo hivyo, presha au bila presha.

Zamani hapa kwetu kijana hakuonana na binti mpaka wazee wawe wameulizia. Mshenga alikwenda, familia ikaomba muda, na katika muda huo watu walitembea: huyu ni mtoto wa nani, anaishi na nani, anadaiwa na nani, ana hasira gani akikosa chakula. Mnacheka mkisema ni mambo ya kizamani, ila kuulizia kule kulikuwa kazi. Siku hizi mmemfukuza mshenga mkaweka simu mahali pake, na simu haiulizii. Inabeba mnachoandika tu, tena mnaandika mkiwa mmekwisha kufikiri, mkafuta, mkaandika upya. Ndiyo maana ndoa nyingi nizisikiazo sasa zinavunjika kwa mambo ambayo jirani yeyote angeyasema kabla ya posa. Watu wanaoana na maandishi, kisha wanaamka na binadamu. Nikianza hapo sitanyamaza, turudi kwako.

Lini upige simu? Si suala la wiki. Wengine siku kumi zinatosha, wengine mwezi. Dalili ni mbili. Ya kwanza, mmoja wenu ameomba kusikia sauti. Akishaomba, muda umefika, na anayekataa ndiye anayepaswa kueleza kwa nini. Ya pili, mazungumzo yameanza kujirudia: umekula, umelalaje, uko wapi, nimekumiss. Mkifika hapo maandishi yamemaliza kazi yake, na kuendelea nayo ni kujenga mtu kichwani mwako. Kila siku unamwongezea tabia usizozijua, mpaka siku ya kuonana yule wa kweli anakuwa kama amekudanganya, na hakukudanganya. Kwa hesabu yangu, wewe umechelewa karibu miezi minne.

Simu inakuonyesha vitu ambavyo maandishi hayana. Unasikia kilicho nyuma yake: watoto, televisheni, mwadhini, mlango unaofungwa ghafla. Unasikia akichelewa kujibu swali dogo. Unasikia kama anacheka au anaandika tu kwamba anacheka. Vois noti hazitoshi, kwa sababu huweza kurekodiwa mara tano ikatumwa ya sita. Na simu moja pia haitoshi. Mkubaliane saa, mwongee robo saa, kisha siku nyingine mpigiane saa tofauti: mara moja mchana, mara moja baada ya Isha, mara moja Jumapili. Mtu anayepokea mchana wa kazi tu, na kila jioni simu imekufa chaji, ana jioni zake. Wewe mwenyewe jipime kwa kipimo hichohicho kabla ya kumpima yeye.

Simu hizo zikienda vizuri, pigeni ya video, dakika tano zinatosha, mahali penye mwanga. Si kwa ajili ya urembo. Ni kulinganisha uso na picha. Kamera iliyovunjika mara moja ni ajali, ikivunjika mara tatu ni jibu. Lakini usijidanganye kwamba hapo umemjua. Matapeli hodari wana sauti tamu kuliko yako, na hasira ya mtu haionekani kwa dakika tano. Simu na video hukuonyesha wa kumwacha. Wa kumuoa utamjua kwa kuonana naye mara nyingi.

Lile jina la mwanamume, hapo una haki ya kuuliza. Laini husajiliwa kwa kitambulisho, na wengi hapa Pwani wanatumia laini iliyosajiliwa na baba au kaka tangu walipokuwa hawana kitambulisho. Huenda ndivyo. Huenda pia ni laini ya mume, maana na yeye aweza kuwa na jioni zake. Usimshtaki kwa maandishi. Muulize kwa sauti, kwa upole, "Ile laini ni ya nani?" kisha unyamaze usikilize. Mwenye jibu la kweli hulitoa bila safari ndefu. Na jina hilo ungeliona kabla hata ya kuthibitisha kutuma, kwa hiyo ukituma pesa siku nyingine soma kwanza, bonyeza baadaye.

Mkishasikizana, muonane ndani ya wiki mbili, msilaze jambo tena likaota ukungu. Mahali achague yeye. Akikuachia wewe uchague, mwambie mkutane Mama Ngina, pale ufukweni penye mibuyu, Jumapili saa tisa alasiri. Akishuka feri upande wa kisiwani ni mwendo wa miguu, na feri kwa mtembea kwa miguu ni bure, kwa hiyo nauli haimo katika hadithi na hakuna atakayekula ya mwenzake. Pesa inayotangulia mkutano hugeuka deni: mtumaji anaona amelipia kitu, mpokeaji anaona amenunuliwa. Pale kuna familia, wauza madafu na mihogo ya kukaanga, watu wa kutosha msiwe peke yenu na nafasi ya kutosha msisikizwe. Aje na dada yake akipenda, akae benchi la mbali, wala usinune. Kaeni saa moja au moja na nusu. Kabla ya magharibi awe amekwisha rudi feri, na wewe umeishia kumsindikiza mpaka lango la feri. Usivuke naye wala usimwambie habari za Kiembeni.

Lakini yote hayo yanamhusu mwanamume asiye na mtu nyumbani. Mficha uchi hazai, mwanangu. Kama unakaa na kaka au mama, mwambie huyo dada katika simu ya kwanza kabisa, kwa sentensi moja, naye ataelewa kwa nini hukuwa ukipiga. Kama ni mke na watoto waliokwenda kwa nyanya, basi hukuniandikia kuhusu simu, na mimi niko upande wa wanawake wawili ambao hawajaniandikia. Hapo usimpigie huyo wa Likoni ila mara moja tu, umwambie ukweli na kwaheri, kisha umfute.

Kama si hivyo, mtumie ujumbe leo: "Samahani kwa kukuita nyumbani usiku. Naomba nikupigie kesho, saa utakayosema." Ile 1,500 usiitaje. Akikupa saa, piga saa ileile, ukiwa umekaa mahali ambapo hutalazimika kunong'ona.