Kuunganisha muhtasari wa wasilisho refu: msiache maneno yapoteze mkia

*"Nina wasilisho la slaidi 180 kuhusu bandari ya Lamu. Nimelifupisha sehemu kwa sehemu, lakini nikiziunganisha, mambo yanajirudia na mengine yanapingana. Nifanyeje?"*

Ndugu yangu, kazi hii hii nimeifanya hapa Lamu, tulipokuwa tukiandaa muhtasari wa kusomewa wavuvi kabla ya kikao. Wasilisho tuliligawana, kila mtu na sehemu yake. Tulipokutanisha karatasi, moja ilisema bandari ina gati 3 na nyingine ikasema ina gati 32. Tukarudi kwenye slaidi, na kumbe zote mbili zilikuwa sahihi: gati 3 ni za awamu ya kwanza, na 32 ni za mpango mzima kama ulivyochorwa mwanzo. Aliyefupisha alibeba idadi akaacha maneno "awamu ya kwanza", kwa kuwa ndani ya sehemu yake hapakuwa na kitu kingine cha kuchanganya nacho.

Ndiyo maana nakwambia tatizo lako haliko kwenye kuunganisha. Liko nyuma zaidi, pale unapofupisha kila sehemu. Kwa hatua hiyo usiandike aya. Andika hoja moja kwa mstari mmoja, na kila hoja ibaki na mkia wake: inahusu sehemu gani ya mradi, ni ya lini, imefikia wapi (pendekezo, uamuzi, au jambo lililokwisha kutendeka), na namba ya slaidi. Mstari utakuwa hivi: "Gati ya kwanza ilianza kupokea meli, awamu ya kwanza, Mei 2021, imetendeka, slaidi 41." Hausomeki vizuri, lakini hauwezi kugombana na mwenzake bila sababu ya kweli.

Hilo la "imefikia wapi" ndilo watu hulidharau, na ndilo lenye madhara. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya ujenzi wa bandari. Mtu akifupisha haraka ataandika "wavuvi walilipwa bilioni 1.76". Amebadilisha amri ikawa malipo, na sehemu nyingine ya wasilisho inayozungumzia mashauriano ya namna ya kulipa itaonekana inapinga. Ukisoma sentensi kama ile mbele ya wavuvi wenyewe, hawatakusikiliza tena, na watakuwa na haki.

Kugawa nako kuna namna yake. Usikate kila slaidi 30. Kata pale mada inapobadilika, hata kama sehemu moja itakuwa na slaidi 12 na nyingine 50. Jedwali likianzia slaidi moja na maelezo yake yakawa inayofuata, yabaki pamoja. Na kabla ya sehemu yoyote, soma slaidi za mwanzo na za mwisho, ili kila anayefupisha ajue wasilisho linaelekea wapi na maneno gani yatumike. Mmoja akiandika "wavuvi waliosajiliwa" na mwingine "wavuvi" tu, mtakuja kudhani ni kundi moja. Fungua pia maelezo ya mtoa mada yaliyo chini ya slaidi, kama faili inayo. Neno "makadirio" mara nyingi limejificha huko.

Sasa ndipo uunganishe. Usibandike muhtasari wa kwanza juu ya wa pili. Changanya mistari yote, kisha uipange upya kwa mada: fidia pamoja, gati pamoja, mikoko pamoja. Mistari inayosema jambo lile lile na yenye mkia ule ule iwe mmoja, wenye namba zote za slaidi. Usizifute namba hizo, kwa sababu jambo lililorudiwa sehemu nne huenda ndilo uti wa wasilisho; ukiyafuta marudio yake bila kumbukumbu, litaishia mstari mdogo katikati ya ukurasa. Liandike mara moja, lakini liweke mbele.

Mistari miwili ikitofautiana, linganisha mikia kwanza. Kama sehemu ya mradi ni tofauti, andika zote katika sentensi moja: "gati 3 katika awamu ya kwanza, kati ya 32 zilizopangwa awali". Kama wakati ni tofauti, ya karibuni ndiyo hali ya sasa, na ya zamani itaje tu ikiwa mabadiliko yenyewe yana maana. Mikia ikilingana na takwimu bado hazilingani, hapo wasilisho lenyewe limejipinga. Usichague unayoipenda, wala usitafute wastani. Andika kwamba slaidi fulani inasema hivi na fulani vile, umuulize mwenye wasilisho.

Aya ziandikwe baada ya hapo. Ukimaliza, mpe mtu ambaye hakufupisha achukue kila sentensi yenye takwimu, tarehe au kitenzi cha wakati uliopita, aifuate hadi kwenye slaidi yake. Asipoiona huko, iondoe.