Kuvunja mkataba na fundi wa websaiti: tazama domeni kwanza

"Wadau, fundi wa websaiti yangu hapokei simu mwezi wa pili huu. Nataka kumuandikia barua ya kuvunja mkataba ila naogopa asije akanizimia kila kitu. Niandikeje?"

Mwenzangu, barua usiitume leo. Mie nina nyumba ya wageni Jambiani na yalinifika haya haya, kumbe domeni yangu, yaani lile jina la websaiti la .com, fundi kaisajili kwenye akaunti yake mwenyewe kwa imeli yake, na mwenye domeni ndo mwenye kila kitu mana hata imeli za wageni wanaobuku zinapita humo humo. Kwa hiyo kwanza nikaingia kwa paswedi yangu mwenyewe nikashusha bekapu ya vile nnavyovifikia, nikatafuta risiti zote nilizomlipa, halafu ndo nikakaa kuandika.

Barua yenyewe ukurasa mmoja tu, matusi hamna. Nilitaja tarehe ya mkataba na kifungu cha kuvunja, kazi ambazo hazijafika na tarehe zake, kisha nikaandika hivi: "Mkataba unakoma tarehe 30. Kabla ya siku hiyo naomba unikabidhi domeni, mafaili yote pamoja na databesi, na akaunti ya hosting. Laki nne iliyobaki nitakulipa siku nitakayohakiki vyote." Ile laki nne ndo iliyomfanya apokee simu, kama wewe ushalipa zote basi itabidi uegemee mkataba zaidi. Nikaongeza na mstari kwamba muundo, picha na code alizonitengenezea ni mali yangu, tukasaini sote wawili, mana kulipia kazi peke yake si lazima kukupe haki ya kazi. Paswedi usiziandike ndani ya barua.

Domeni nilimwambia aihamishie kwenye akaunti yangu pale pale kwenye kampuni ile ile aliyoisajilia, haraka na rahisi. Ukitaka kuhamia kampuni nyengine utahitaji ile code ya siri ya uhamisho na aifungue domeni kwanza, na kama imesajiliwa au imehamishwa karibuni inaweza kuzuiliwa siku 60.

Sasa angalia khasa hapa. Websaiti yangu ni ya WordPress, alinitumia zip kubwa nikafurahi, kuifungua namo mna `wp-content` tu, picha na muonekano, maneno hamna hata moja! Kurasa na bei za vyumba ziko kwenye databesi, utafute faili linaloishia `.sql`, na umpe mtu alipandishe mahala pengine uone linafunguka kabla hujatoa pesa.

Ukishapokea badilisha paswedi zote, ya domeni, hosting, imeli na databesi, halafu umfute kwenye Users. WordPress itakuuliza vitu alivyoandika vifanywe nini, chagua `Attribute all content to` uweke jina lako. Ukibonyeza ile ya kufuta, kurasa zote alizozitengeneza yeye zinaondoka nae.