Tangazo la kazi lililotumwa bila neno: kwa mnaoanza kazi ya steshenari

Ninyi mnaoanza kukaa kwenye dawati la steshenari hapa Masasi mtazoea haraka kupokea tangazo la kazi kwenye simu, kurasa mbili au tatu za picha, na chini yake hakuna hata salamu. Mtumaji anaweza kuwa anataka aelezwe maana ya tangazo, aandikiwe barua ya maombi, au aambiwe kama ana haja ya kuomba. Kazi hizi tatu zina gharama tofauti, na ukikosea kuchagua, mtu anaweza kulipia barua asiyoihitaji.

Mimi nilikosea kwa mzee mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, ambaye alinitumia jioni tangazo la halmashauri la nafasi ya Dereva Daraja la II, zikiwa zimebaki siku tatu kabla ya mwisho wa kupokea maombi. Kwa kuwa nilimfahamu kuwa dereva wa malori ya korosho, nilikesha nikimwandikia barua. Asubuhi alikuja akaniambia, kwa upole, kwamba tangazo lilimhusu mwanawe, na kwamba alichotaka kujua ni kama leseni ya kijana inatosha. Barua yangu ilikuwa nzuri, lakini ilimhusu mtu mwingine na ilijibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Tangu hapo, tangazo likija bila maelezo, ninaanza na sifa za lazima, kwa sababu ndizo zinazoamua kama barua ina maana yoyote. Tangazo lile lilidai cheti cha kidato cha nne, leseni ya daraja la E au C ambayo mwombaji ameitumia kwa muda usiopungua mwaka mmoja bila kusababisha ajali, na cheti cha mafunzo ya msingi ya uendeshaji magari kutoka VETA au chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali. Kijana alikuwa na kidato cha nne, lakini leseni yake ilikuwa ya daraja la D, na mafunzo ya VETA hakuwa nayo. Katika hali hiyo ningemwambia mzee aache kuomba kwa sasa, nikamtajia vitu viwili vinavyopungua, ili kijana aanze kuvishughulikia kabla tangazo jingine halijatoka.

Hapa muwe waangalifu na maneno ya tangazo lenyewe. Palipoandikwa "awe na", hapo pana sharti, na mwombaji asiye nacho huondolewa kwenye mchujo hata kama barua yake inavutia. Palipoandikwa "itakuwa sifa ya ziada", asiye nacho bado anaruhusiwa kuomba, na mimi huwa ninamhimiza aombe. Soma pia masharti ya jumla yaliyo mwishoni, ambayo watu wengi huyaruka: matangazo ya ajira za Serikali kwa kawaida hutaja umri usiozidi miaka 45, na hukataa hati ya matokeo ya kidato cha nne iliyowekwa mahali pa cheti. Nimeona kijana mwenye sifa zote za udereva akiwa bado ameshikilia hati ya matokeo tu, hajakifuata cheti shuleni.

Mnapojibu, toeni hukumu fupi yenye sharti lake, kisha muulize swali moja tu. Kwa mzee yule ningeandika hivi: "Shikamoo mzee. Tangazo nimelisoma. Wanataka leseni ya E au C iliyotumika angalau mwaka mmoja, na cheti cha VETA. Mwenye vyote viwili pamoja na cheti cha kidato cha nne aombe, na zimebaki siku tatu. Je, anayeomba ni wewe au mwingine?" Ujumbe huo unamweleza tangazo, unamwezesha kujipima, na unaacha barua isubiri jibu lake.

Kuna wakati maelezo yenyewe ndiyo yanayotangulia. Tangazo la Kiingereza lenye kada kumi na tano haliwezi kuandikiwa barua kabla hujajua kada ipi, kwa hiyo orodhesha kwa Kiswahili nafasi na elimu inayotakiwa kwa kila moja, kisha mwache achague. Barua ianze mara moja pale tu ambapo wasifu wa mhusika mnao, aliwahi kuomba nafasi ya aina hiyo kupitia kwenu, na muda umebana. Hata hapo mwonyesheni rasimu kabla hajasaini na kuipakia, kwa kuwa barua ya nafasi ya halmashauri kwa kawaida huelekezwa kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri husika, na mtu aliyezoea kuomba kwingine huweza kuibakiza anuani ya zamani bila kuiona.