Salio la jumbe tano: nilivyolitumia vibaya, kisha vizuri

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja wa Ngamiani alinipigia simu. "Dada, nilipie Premium ya LinkedIn au ni kutupa hela?" Nilimjibu kwa kirefu, na nimeona niandike hapa, kwa sababu swali hilo naulizwa mara nyingi na vijana wa Tanga wanaotafuta kazi bandarini, viwandani na kwenye mradi wa bomba la mafuta kule Chongoleani.

Mimi ni ofisa usalama kazini. Mkataba wangu ulipoisha nilichukua kifurushi cha Premium Career, kile cha watafuta kazi. Kinakupa salio la jumbe 5 za InMail kila mwezi, yaani jumbe za kumwandikia mtu ambaye hamjaunganishwa. Usiku uleule wa kwanza nilizimaliza zote tano. Niliandika maneno mamoja, nikabadilisha majina tu, nikawatumia mameneja watano. Hakuna aliyejibu.

Kumbe nilikuwa sijasoma masharti. Mpokeaji akikujibu ndani ya siku 90, salio la ujumbe ule linarudishwa kwako, hata kama jibu lenyewe ni "hapana, asante". Asipojibu, limekwenda, na huwezi kumtumia InMail ya pili mpaka ajibu ile ya kwanza. Kwa hiyo mameneja wale watano nilijifungia mlango mwenyewe. Na hapakuwa na sababu ya haraka: salio usilolitumia linahamia mwezi unaofuata, na kwenye Career unaweza kulimbikiza hadi 15.

Kilichonisaidia ni orodha ya waliotembelea wasifu wangu. Akaunti ya bure inakuonyesha wageni wachache tu wa karibuni. Ukilipia, unaona wa hadi siku 365 zilizopita, isipokuwa waliojificha kwa Private mode, ambao hata ulipe vipi hutawajua. Nilipofungua orodha nikakuta wawili kati ya wale watano wamekuja, siku moja baada ya ujumbe wangu. Nilikaa nikaitazama sana ile orodha. Maana yake ujumbe ulisomwa, mtu akavutika akaja kuniangalia, halafu akaondoka. Kasoro ilikuwa kwenye wasifu. Chini ya jina langu nilikuwa nimeandika "Natafuta fursa". Nikabadilisha: "Ofisa usalama kazini, ukaguzi wa kazi za juu na za ndani ya matangi, Tanga".

Wale watatu ambao hawakuonekana huenda hawakufungua, huenda walijificha, kwa hiyo kwao sikuhitimisha lolote.

Mwezi wa pili niliandika kwa mtu mmojammoja. Kwa mhandisi mmoja niliandika hivi: "Habari za kazi, Mhandisi. Nimesoma kwamba mnatafuta mkandarasi wa kusafisha matangi. Nimesimamia vibali vya kuingia ndani ya tangi kwa miaka mitatu. Je, usimamizi wa vibali uko kwenu au kwa mkandarasi?" Swali moja, la kujibika kwa sentensi moja. Alijibu kwamba uko kwa mkandarasi, akanitajia wa kumtafuta. Salio likarudi, nikalitumia kwa huyo aliyenitajia. Kati ya watano niliowaandikia mwezi ule watatu walijibu, na wa mwisho ndiye aliyeniita kwenye usaili.

Kabla ya kutumia salio, angalia kwanza kama unalihitaji. Mwenye Premium anaweza kuwasha Open Profile, na aliyeiwasha unamwandikia bila kukatwa chochote. Vilevile mkiwa kundi moja humo LinkedIn, mnaweza kuandikiana bure kupitia kundi.

Kuhusu vichujio vya utafutaji, usinunue Career kwa ajili yake. Mahali, kampuni ya sasa na chuo unavipata bure. Vile vya ngazi ya cheo na ukubwa wa kampuni viko kwenye Sales Navigator, ambacho ni kifurushi cha wauzaji na bei yake iko juu. Kwa mtafuta kazi, kuandika cheo pamoja na "Tanga" kunatosha.

Masomo ya LinkedIn Learning yamo ndani ya bei, na kupitia programu yao ya simu unaweza kuyapakua kwenye intaneti nzuri ukayatazama baadaye. Nilimaliza mawili, na vyeti vimebaki kwenye wasifu hata baada ya kusitisha malipo. Ila si mbadala wa cheti cha usalama kazini cha NEBOSH. Waajiri wa fani yangu huuliza hicho kwanza.

Nilimwambia mdogo wangu aanze na mwezi wa majaribio akipewa, na aweke alama kwenye kalenda siku mbili kabla haujaisha, kwani kadi hukatwa yenyewe. Asitishe akiwa hana salio lililobaki: ukitoka Premium, jumbe ulizolimbikiza zinafutika.