Akaunti imeingiliwa, au mwenyewe yuko safarini? Namna ya kusoma rekodi za kuingia

Ukianza kazi ya kulinda akaunti za ofisi, arifa ya safari isiyowezekana utakutana nayo mapema sana. Mtu ameingia kwenye akaunti yake akiwa Dar es Salaam, na muda si mrefu akaunti hiyohiyo inafunguliwa Amsterdam. Wengi wanaoanza huishia kwenye kilomita. Mmoja anapiga hesabu, anaona haiwezekani, anafunga akaunti ya watu. Mwingine anakumbuka kwamba meneja hutumia VPN, anaifuta arifa na kuendelea na mengine. Wote wawili wameamua kabla ya kuangalia. Umbali unakuonyesha tu kwamba kuna maingizo mawili ya kulinganisha. Aliyeingia ni nani utamjua kwa kifaa alichotumia na kwa jinsi alivyovuka hatua ya pili ya uthibitishaji.

Nitaeleza kwa rekodi za Microsoft Entra ID, kwa sababu ofisi nyingi zenye barua pepe za Microsoft 365 zinazo. Anza kwa kuvuta historia ya mtumiaji mmoja, na usivute siku ya tukio peke yake. Wiki mbili zinatosha kukuonyesha mazoea yake. Kama rekodi zenu zinatumwa kwenye Log Analytics, swali lenyewe ni hili:

```
SigninLogs
| where TimeGenerated > ago(14d)
| where UserPrincipalName == "uhasibu@example.com"
| project TimeGenerated, IPAddress, Location, AppDisplayName,
    DeviceDetail, UserAgent, AuthenticationDetails, ResultType, SessionId
| order by TimeGenerated asc
```

Kama hazitumwi huko, fungua rekodi kwenye ukurasa wa msimamizi mapema. Leseni ya bure huzihifadhi siku 7 tu, zile za P1 na P2 siku 30. Ukichelewa, ingizo la kwanza la mwizi linaweza kuwa limeshafutika, na hilo ndilo linaloeleza alipitia wapi.

Jambo jingine ni saa. Muda wa `TimeGenerated` huandikwa kwa UTC, nasi tuko saa tatu mbele. Rekodi inayosomeka 07:41 kwetu ni saa nne na dakika 41 asubuhi. Ukimpigia mhasibu simu na kumuuliza alikuwa wapi saa moja na nusu, atakuambia kwa moyo mweupe kwamba alikuwa kwenye daladala. Utaandika kwamba si yeye, na utakuwa umekosea tangu hatua ya kwanza. Badilisha saa zote kwenye karatasi yako kabla hujazungumza na mtu.

Sasa tuchukue mfano wa mhasibu wa kampuni moja ya Dar es Salaam. Historia yake ya wiki mbili inachosha kusoma, na hilo ni jema. Kila siku ya kazi kuna Windows ileile, kivinjari Edge, `deviceId` ileile, `isManaged` ikisoma `true`, na anwani ya IP ya ofisini. Jioni inaonekana simu yake moja kwa mtandao wa laini yake. Vifaa viwili, mitandao miwili. Siku ya tukio, saa 06:12 za rekodi, laptopu yake ya kazini inaingia kama kawaida kutoka Dar.

Saa 07:41 kuna ingizo lililofanikiwa kutoka Uholanzi. Programu inayoonekana ni `OfficeHome`. Kati ya Dar na Amsterdam ni zaidi ya kilomita 7,000, na zimepita dakika 89. Angekuwa amekwenda kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 4,700 kwa saa, wakati ndege ya abiria haizidi sana 900. Hapo arifa inalia. Lakini bado hujajua lolote kuhusu wizi, kwa hiyo shuka kwenye safu za chini.

Kivinjari kinasema Edge kwenye Windows, sawa kabisa na cha mhasibu. Hatua ya pili ya uthibitishaji imekamilika: ameidhinisha mwenyewe kwa simu yake. Anayeanza kazi akiona hayo mawili anaweza kutulia. Angalia `DeviceDetail`: `deviceId` iko tupu, na `isManaged` si `true`. Hapo ndipo pa kusimama.

Sababu yake ni hii. Mwizi wa siku hizi anamtumia mhasibu kiungo cha ukurasa bandia, na seva iliyo nyuma ya ukurasa huo inapokezana maneno kati yake na Microsoft. Mhasibu anaandika nenosiri, seva inalipeleka. Microsoft inaomba idhini ya simu, mhasibu anabonyeza kukubali, kwa sababu ni kweli anaingia. Hata jina la kivinjari chake hupitishwa lilivyo, ndiyo maana linafanana. Kisichopita ni uthibitisho wa kifaa chenyewe. Huo unatokana na ufunguo uliofungiwa ndani ya laptopu iliyosajiliwa, na ukurasa bandia hauwezi kuuomba kwa niaba ya Microsoft. Kwa hiyo IP ya Amsterdam ni ya seva ya kukodi iliyokaa katikati, na mwizi mwenyewe anaweza kuwa popote. Mwishoni seva hiyo inabaki na kuki ya sesheni iliyokwisha kuthibitishwa, na mwenye kuki hiyo anaingia bila kuulizwa tena.

Sitaki ukariri kwamba `deviceId` tupu ni wizi. Dirisha la faragha huiacha tupu, na vivinjari visivyowekewa mipangilio ya kazini pia. Ndiyo maana tulivuta wiki mbili. Kwa mhasibu huyu haijawahi kuwa tupu kwenye Windows hata mara moja. Kwa mwenzake anayependa kufungua barua kwenye kompyuta ya nyumbani, safu hiyo inaweza kuwa tupu kila wikendi, na kwake haisemi kitu.

Ingizo linalofuata ni la 07:58, na hulikuti kwenye jedwali la `SigninLogs`. Liko `AADNonInteractiveUserSignInLogs`, ambako hukaa maingizo yasiyomtaka mtu aandike chochote. Wengi hulisahau jedwali hili, na ndimo mwizi anamofanyia kazi. Sasa IP ni ya Ujerumani, kivinjari kimebadilika, kifaa hakijulikani, programu ni Exchange Online. Kuhusu hatua ya pili, rekodi inasema `MFA requirement satisfied by claim in the token`, yaani hakuulizwa tena, kwa kuwa tokeni aliyokuja nayo ilikuwa imeshathibitishwa. Kisha linganisha `SessionId`. Ni ileile ya 07:41. Sesheni moja iliyozaliwa Amsterdam inatumika Ujerumani kwa kivinjari kingine, dakika 17 baadaye. Mtu anayesafiri na laptopu yake habadilishi kivinjari katikati ya sesheni. Hapa ndipo ninapoacha kusema nashuku na kusema akaunti imeingiliwa.

Mpigie simu mhasibu, usimwandikie barua pepe, maana mwizi anaisoma. Usimuulize kama aliingia kutoka Uholanzi. Muulize, "Dada, leo saa nne na nusu hadi saa tano hivi, kuna kiungo chochote ulikifungua kikakutaka uingie upya?" Mara nyingi atakuambia palepale kuna ankara ya mteja iliyogoma kufunguka. Usimgombeze. Unamhitaji akuonyeshe barua hiyo, na akiogopa ataifuta.

Wakati huohuo zuia akaunti isiingie, kisha kata sesheni zote:

```
Revoke-MgUserSignInSession -UserId uhasibu@example.com
```

Kubadilisha nenosiri peke yake usikutegemee. Tokeni ya kufikia huduma iliyokwisha kutolewa inaweza kuendelea kufanya kazi kama saa moja hivi, na mwizi anaweza kuwa ameshajiwekea mlango mwingine. Fungua rekodi za ukaguzi tangu 07:41 utafute vitu vitatu: simu au programu mpya ya uthibitishaji iliyosajiliwa, programu ya nje iliyopewa ruhusa kwenye akaunti, na `New-InboxRule`. Katika mfano wetu kuna kanuni iliyoundwa 08:07 inayohamisha kila barua yenye neno "invoice" kwenda folda ya `RSS Feeds`, ambayo hakuna anayeifungua. Hiyo inakuambia pia anachotaka: kuwajibu wateja akiwa na akaunti ya benki tofauti. Waarifu watu wa malipo kabla hata hujamaliza kusafisha.

Sasa upande wa pili, maana utakutana nao mara nyingi zaidi. Meneja yuko Dubai kikazi. Laptopu yake iko kwenye waifai ya hoteli na rekodi inasema Falme za Kiarabu. Simu yake inatumia laini ya Tanzania akiwa nje, na kwa kawaida data ya laini ya namna hiyo hurudishwa kwanza kwenye mtandao wa nyumbani, kwa hiyo IP yake ni ya Tanzania. Kila simu inapovuta barua baada ya laptopu, mtu huyu anaruka Dubai hadi Dar ndani ya dakika mbili, mchana kutwa. Arifa ni halali, wizi hakuna: vifaa vyote viwili vinajulikana, `deviceId` ya laptopu ni ileile, na kila kifaa kina sesheni yake. Funga arifa, ukiandika sababu hizo ili atakayefuata asianze upya.

Pia kuna akaunti ambazo arifa haitalia kabisa. Mfumo wa Microsoft wa kugundua safari zisizo za kawaida hujifunza mtumiaji mpya kwanza, hadi siku 14 au maingizo 10, lolote litakalotangulia, kwa hiyo mwajiriwa wa wiki hii hana kinga hiyo. Na mwizi mwangalifu hukodi proksi inayotokea kwenye mtandao wa nyumbani wa mtu, katika nchi ileile, hata mji uleule. Hapo hakuna safari ya kuhesabu. Kinachobaki ni kifaa kigeni, kwa hiyo jizoeze kutafuta maingizo yaliyofanikiwa yenye kifaa ambacho mtumiaji hajawahi kukitumia, hata kama nchi ni ileile.

Kabla hujafunga faili la mhasibu, tafuta IP ya Amsterdam kwa watumiaji wote:

```
SigninLogs
| where IPAddress == "203.0.113.45"
| summarize Mara = count(), Mwanzo = min(TimeGenerated)
    by UserPrincipalName, ResultType
```

Barua ya namna hiyo haitumwi kwa mtu mmoja. Soma `ResultType` kwa makini. `0` ni aliyeingiliwa kama mhasibu, na kwake unarudia hatua zote. `50126` ni jina au nenosiri lisilo sahihi. `50074` na `50076` ndizo watu huzipita haraka kwa kuwa zinaonekana kama kushindwa: maana yake ni kwamba mfumo ulidai hatua ya pili. Kama hakuna `0` inayofuata, mlango haukufunguka, lakini nenosiri lilikuwa sahihi na mwizi analo. Mtu huyo anabadilisha nenosiri leo, na kama analitumia nenosiri hilohilo kwenye mfumo wa malipo au benki, anaanza huko.